Tangazo la saluni kwa akili mnemba: misuko inayeyuka, mng'ao umekwenda usoni

Prompti tutakayoitengeneza hapa, yaani maelezo unayoiandikia programu ili ikuchoree picha, ililetwa na dada mmoja mwenye saluni Sinza. Alitaka bango la notilesi, zile rasta zisizo na fundo pale shinani, na alikuwa ameshajaribu mwenyewe kwenye simu. Aliandika hivi:

```
African woman with beautiful glossy braids, studio lighting,
hair salon advertisement, 8k, ultra detailed, masterpiece
```

Ukiitazama kwa mbali, picha iliyotoka inapendeza. Ukiikuza, shida zinaanza kujipanga. Rasta zimeungana kuanzia mabegani kwenda chini. Paji la uso linang'aa kuliko nywele. Upande wa kushoto wa kichwa haupo, umemezwa na giza la nyuma. Shingoni kuna shanga za kabila lisilojulikana ambazo hakuna aliyeziomba. Msusi wake mkuu aliikuza kwa vidole viwili, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Dada, huyu mbele kasukwa mistari, nyuma rasta, na hapa katikati havijakutana popote. Mteja akija na hii nianzie wapi?"

Utambuzi ulikuwa mzuri kuliko wa watu wengi wanaofanya kazi za picha. Tuchukue dalili moja moja.

Kabla ya kugusa neno lolote, ifunge ile picha kwanza. Ukibadilisha prompti huku programu nayo inabadilisha bahati yake, hutajua kilichosaidia ni kipi. Kwenye Stable Diffusion, mojawapo ya programu za kuchora picha, kuna kisanduku cha `Seed`, namba ya ile bahati. Nakili namba ya picha uliyoipata uiweke pale. Kwenye Midjourney, programu nyingine ya aina hiyo, unaongeza `--seed` na namba mwishoni mwa prompti. Kwenye programu za mazungumzo, ambako namba hiyo huioni, iombe ihariri picha ileile badala ya kutengeneza mpya. Halafu badilisha jambo moja tu, utazame. Naandika prompti zenyewe kwa Kiingereza kwa sababu programu nyingi za picha zilifundishwa kwa maelezo ya Kiingereza zaidi; zile za mazungumzo zinakuelewa vizuri tu hata kwa Kiswahili.

Misuko inayeyuka ikielekea chini

Shinani kila msuko uko peke yake. Ukifika mabegani, miwili inakuwa mmoja, mmoja unagawanyika, na kiunoni kumebaki kitu kimoja cheusi chenye michirizi. Kuthibitisha ni rahisi: weka kidole kwenye msuko mmoja pale unapoanzia, uufuate hadi ncha. Ukipotea njiani, jaribu wa pili na wa tatu. Ukipotea kwenye yote, tatizo lako ndilo hili.

Wengi hapa huongeza maneno ya kusifu, `ultra detailed`, `8k`, `sharp`. Hayaongezi pikseli hata moja. Picha inatoka na ukubwa uleule, ila programu sasa inajitahidi kuonekana kali, kwa hiyo inakwaruza ngozi na kuongeza ukakasi kwenye kila kitu, wakati misuko inaendelea kuyeyuka.

Chanzo ni nafasi. Programu za jamii ya Stable Diffusion hazichori pikseli moja moja. Zinafanya kazi kwenye picha ndogo ya ndani ambayo kila upande umepunguzwa mara 8, na mwishoni ndipo inapanuliwa kuwa ile unayoiona. Picha ya 1024 kwa 1024, kwa ndani, ni viboksi 128 kwa 128. Kiboksi kimoja kinabeba eneo la pikseli 8 kwa 8.

Sasa piga hesabu ya dada aliyesimama, mwili mzima, kwenye picha yenye kimo cha pikseli 1024. Kichwa cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba na nusu ya urefu wake. Kinapata pikseli kama 130 kwenda chini na 90 hivi kwa upana. Ukitaka rasta 15 zionekane kwa mbele, kila moja imebaki na pikseli 6. Hiyo haijazi hata kiboksi kimoja, na ndani ya nafasi hiyo unataka pawe na msuko, mwanya, na zile pande tatu zinazopishana. Haiwezekani, kwa hiyo programu inabahatisha. Shinani inabahatisha vizuri kwa sababu mipasuo ya kichwa inaipa mwongozo. Huku chini hakuna mwongozo, misuko inaungana.

Leta kamera karibu, kichwa kichukue nusu ya kimo cha picha. Upana wake sasa ni pikseli 350 na kidogo, na zilezile rasta 15 zinapata pikseli 23 au 24 kila moja, karibu viboksi vitatu. Hapo msuko unaonekana msuko. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kukata picha ya mwili mzima. Andika `close portrait` au `head and shoulders`, na uondoe neno lolote linalomlazimisha mtu asimame mzima. Ukitaja viatu, mathalani, programu itarudi nyuma ili viatu viingie.

Dawa ya pili ni unene. Rasta ndogondogo sana, zile zinazomkalisha mteja kutwa nzima kwenye kiti, ndizo ngumu kuliko zote hata kwa programu. Omba za kati, `medium`, au nene, `jumbo`, kama saluni nayo inazisuka.

Yule dada wa Sinza alikuwa na hoja yake: anachouza ni urefu wa kiunoni, na picha ya kichwa na mabega haionyeshi kiuno. Ni kweli. Njia iliyofaa kwake ilikuwa picha ya nusu mwili, wima, ya uwiano wa 4 kwa 5, kichwa kikiwa kimegeuka kidogo na rasta zote zimeletwa mbele juu ya bega moja. Kwa kuziweka mbele zinakuwa karibu na kamera, na bega linakupa sababu ya kuzikusanya bila kuzificha. Sehemu ya chini ilibaki na kasoro, kwa hiyo tukaitengeneza peke yake.

Kutengeneza sehemu peke yake ndiyo dawa ya tatu, na ndiyo inayookoa picha nyingi. Unaifunika kwa brashi ile sehemu iliyoyeyuka, kisha programu inaichora upya hiyo tu. Kwenye Automatic1111, kiolesura cha kutumia Stable Diffusion, chagua `Only masked`, ili kipande ulichokifunika kipewe pikseli zote 1024 kwa muda, kichorwe kikubwa, kisha kirudishwe mahali pake. Halafu kuna `Denoising strength`, yaani kiasi ambacho programu inaruhusiwa kubadilisha kilichokuwepo. Ukiweka 0.2 hakuna kinachobadilika. Ukiweka 0.7 unapata rasta mpya nzuri ambazo hazikutani na za juu. Mimi huanzia 0.4, na sipandi zaidi ya 0.5 pale msuko unapovuka mpaka wa eneo nililolifunika. Funika kipande kidogo, chenye rasta nne au tano, umalize, uende kinachofuata. Kazi inachosha, lakini haina njia ya mkato.

Msuko unang'aa ila unaonekana plastiki

Hapa ndipo neno `glossy` linapowaponza watu, na ndipo prompti nyingi za saluni zinapofia.

Tazama kwa karibu rasta mpya ya mteja aliyetoka kwenye kiti sasa hivi. Nyuzi nyingi za rasta zinazouzwa Kariakoo ni za sintetiki, zinang'aa kuliko nywele za asili, na msusi ameshapitisha povu na kuchovya ncha kwenye maji ya moto. Lakini ule mng'ao hauendi moja kwa moja kutoka shinani hadi nchani. Kila pale pande zinapopishana pana mwinuko mdogo, na kila mwinuko unashika nukta yake ya mwanga. Kati ya mwinuko na mwinuko pana kivuli. Mng'ao wa msuko umekatikakatika.

Kwenye picha mbovu mng'ao ni mstari mmoja mrefu, laini, usiokatika, na rasta inaonekana kama waya wa umeme. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza nikiletewa picha ya saluni: kuza, tafuta nukta za mwanga. Zikiwepo na vivuli kati yake, msuko upo. Ukiona mstari mtupu, umeuziwa waya.

Sababu iko kwenye asili ya mng'ao. Nywele nyeusi hula mwanga mwingi; tunachokiona kuwa mng'ao ni taswira ya taa yenyewe ikijirudisha juu ya unywele. Taa ikiwa kubwa na iko mbele, inajaza kila bonde la msuko, vivuli vinakufa, na mipishano inapotea. Taa ikiwa nyembamba na inapiga kutoka ubavuni au nyuma kidogo, inagusa miinuko tu na kuyaacha mabonde yawe meusi. Msuko unasimama.

Sasa angalia maneno ambayo sote tunayaandika: `flattering`, `beauty lighting`, `soft studio light`. Yote yanaipeleka programu kwenye picha za matangazo ya vipodozi, na huko taa ni kubwa, laini, iko mbele ya uso, kwa sababu kazi yake ni kufuta makunyanzi na vishimo. Inafanya kazi hiyo vizuri mno. Na kwa kuwa msuko ni makunyanzi na vishimo vitupu, inaufuta nao. Ndivyo ilivyo pia kwenye saluni nyingi za mjini, msusi anapompiga mteja picha mbele ya taa ya duara: uso unatoka safi, mistari ya kichwani imelala.

Kwa hiyo mwanga unaoupendeza uso na mwanga unaoonyesha msuko ni miwili tofauti. Prompti inayoomba mmoja lazima ikose kimoja. Omba yote miwili, kila mmoja uupe mahali pake na kazi yake. Kwanza tulijaribu kwa majina ya vifaa:

```
large softbox in front, strip softbox behind her right shoulder
```

Ikatoka picha yenye taa mbili zimesimama ndani ya fremu, na nguzo zake, na waya. Ni dalili ya kawaida. Programu haipigi hesabu ya mwanga. Inakumbuka picha ilizoonyeshwa, na picha nyingi zenye maelezo ya kifaa zilikuwa picha za kifaa chenyewe. Taja matokeo unayoyataka, kifaa kiache:

```
soft even light on the face from the front; a second, narrow light
from behind on the right, drawing small broken highlights on each
braid, with dark gaps between the plaits
```

Maneno mawili yanayofanya kazi hapa ni `broken` na `gaps`. Moja linakata mng'ao, la pili linarudisha kivuli. Neno `glossy` lenyewe tuliliondoa kabisa, tukaweka `satin sheen` na kulibandika kwenye nywele peke yake.

Kuhakiki kama mwanga umekubali, angalia macho. Ndani ya mboni kuna alama nyeupe ya taa ya mbele. Ikiwa ni duara lenye tundu katikati, programu imeamua kutumia taa ya duara, na mistari yako ya kichwani itakuwa bapa. Kisha angalia ukingo wa rasta za upande wa kulia: uwe na mwanga. Ukingo ukiwa mweusi pande zote mbili, taa ya pili haikusomwa, na mara nyingi ni kwa sababu imeandikwa mwishoni kabisa. Stable Diffusion 1.5 na SDXL, matoleo mawili ya programu hiyo, husoma maandishi kwa vipande vya tokeni 77, na tokeni ni neno au sehemu ya neno. Kinachozidi hapo programu nyingine hukikata, nyingine hukigawa kipande kipya chenye nguvu kidogo. Sifa za `masterpiece` zinakula nafasi hiyohiyo. Weka nywele mwanzoni, mwanga baada yake, mavazi na mengineyo mwisho.

Ngozi ndiyo inang'aa, au imepauka

Sifa kwenye prompti huvuja. Ukiandika kwamba msuko una mng'ao, programu inasikia mng'ao na kuupaka hadi puani. Kwenye picha ya kwanza ya yule dada paji la uso lilikuwa na doa jeupe kubwa kuliko mng'ao wowote wa nywele, na kwa joto la Dar mtu angedhani mteja ametoka kugombania daladala la Mbagala.

Tiba ni kuipa ngozi sifa yake yenyewe, ili isiazime ya jirani: `natural matte skin with visible pores`. Kwenye programu zenye kisanduku cha vitu visivyotakiwa andika humo `oily skin, plastic skin, airbrushed`. Kwenye Midjourney unatumia `--no`. Kwenye programu za mazungumzo usikanushe. Ukisema hutaki ngozi ya mafuta, umeshataja mafuta, na unaweza kuyapata. Sema unachokitaka tu.

Kama ngozi bado inang'aa, kagua `CFG Scale`, yaani nguvu ya kuilazimisha programu ifuate maneno yako. Kwa SDXL, 5 hadi 7 inatosha. Ikifika 12 rangi zinaungua, mng'ao unakuwa mweupe mtupu, na watu huihangaikia prompti wakati kosa liko kwenye kitelezi.

Kupauka ni suala jingine, na hili linanikera zaidi. Ukiandika `beauty` na `bright studio` pamoja, dada mweusi anarudi mweupe hatua mbili tatu. Linganisha shavu na mkono au shingo. Tofauti ikiwa kubwa, programu imempausha usoni. Andika `deep brown skin` wazi, na ongeza `exposed for her skin tone`. Epuka `high key`, ambayo ni amri ya kumwaga mwanga kila mahali. Bango la rasta likionekana limebeba tangazo la mkorogo ndani yake, wateja watakuuliza unauza nini hasa.

Zile shanga zilitokana na neno `African` likiwa peke yake. Programu imeliona sana kwenye picha za utalii. Taja nchi, umri na nguo ya kawaida, `Tanzanian woman, about 28, plain mustard blouse`, na shanga zinaondoka zenyewe.

Nywele zimepotelea nyuma

Nywele nyeusi juu ya ukuta mweusi hazionekani. Hili halihitaji maelezo mengi. Watu huchagua nyeusi kwa kuona ni ya kifahari. Chagua rangi ya joto yenye ung'avu wa kati: udongo wa tofali, haradali, kijani kilichofifia. Nyeupe kabisa nayo ina ubaya wake, inameza vinyweleo vya pembeni na kuufanya ukingo wa kichwa uonekane umekatwa kwa mkasi. Ukiomba nafasi tupu upande mmoja, `empty space on the left`, utapata pa kuweka bei.

Umeomba mtindo mmoja, umeletewa mwingine

Ukiandika jina la mtindo wa twende kilioni kwenye prompti utapata chochote, pengine hata mtu analia. Majina ya mtaani, hata yale ambayo kila saluni ya Dar inayajua, hayamo kwenye picha zilizofundishia. Umbo ndilo unalotakiwa kulieleza: mistari iliyolala kichwani, iliyonyooka kutoka paji la uso hadi kisogoni, mipasuo safi kati yake. Kwa notilesi sema kwamba mipasuo ni ya mraba, kwamba msuko unaanza bapa bila fundo, na kwamba kila mmoja unajitegemea kutoka shinani hadi nchani.

Ule mchanganyiko aliouona msusi, mistari mbele na rasta nyuma, unatokana na `braids` tupu. Neno hilo linabeba kila kitu kilichosukwa, na programu ikaamua kutopendelea. Ukishataja aina moja usiweke ya pili mahali popote kwenye prompti, hata kwa kuikataa.

Idadi ni jambo la kusahau. Ukiomba mistari 8 utapata 7, au 11. Ikiwa tangazo lenyewe ni la mtindo wenye idadi maalumu, maneno hayatakufikisha, na hapo inabidi uanze na picha halisi ya kazi ya saluni. Piga picha ya mteja mchana karibu na mlango, mwanga ukiingia kutoka ubavuni. Kisha iombe programu ya kuhariri ibadilishe ukuta na mwanga, na iache nywele zilivyo. Kwenye Stable Diffusion kazi hiyo hufanywa na ControlNet: modeli ya `lineart` inachukua mistari ya picha yako na kuilazimisha picha mpya ifuate. Hata hapo rudia kipimo cha kidole, maana uhariri nao hupenda kulainisha misuko.

Kwa saluni yenye kazi nzuri ya kuonyesha, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote. Ila mteja akubali kwanza, kwa maandishi au hata kwa ujumbe wa simu, akiambiwa kwamba picha yake itaingizwa kwenye programu na itatumika kwenye tangazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu picha ya mtu pia, na "alikuwa anajua tu" si ridhaa.

Kwa yule dada wa Sinza, prompti iliyobaki mezani baada ya yote haya ilikuwa hii:

```
Medium knotless box braids, jet black, waist length, square partings,
flat roots, each braid separate, brought forward over one shoulder,
satin sheen. Soft even light on the face from the front; narrow light
from behind right, small broken highlights on each braid, dark gaps
between plaits. Half-length portrait, Tanzanian woman, about 28, deep
brown skin, natural matte texture, plain mustard blouse. Plain
terracotta wall, empty space on the left.
```

Ni ndefu kwa SDXL, ndiyo maana nywele zimetangulia. Ilitoa picha nne. Mbili zilianguka kwenye kipimo cha kidole, moja ilikuwa na rasta inayoota katikati ya paji la uso kwenye ngozi tupu, na moja ikakubaliwa baada ya kutengenezewa sehemu ya chini. Ile rasta ya kwenye paji ni kasoro ya kuitafuta kila mara. Mstari wa nywele usoni ndipo programu inapokosea kimyakimya, na anayetazama haraka haoni.

Maandishi, na safari ya WhatsApp

Usiiombe programu iandike bei wala jina la saluni. Herufi zinaweza kuvurugika, na Kiswahili kinaweza kuumia kuliko Kiingereza. Weka maandishi baadaye kwenye Canva.

Picha ikitoka safi kwako na ikamfikia mteja imechafuka, prompti haina kosa. WhatsApp hubana picha, na misuko myembamba ndiyo inayoathirika kwanza. Ukimtumia mpiga chapa, tuma kama hati, si kama picha. Kwa Status, tengeneza toleo la pikseli 1080 kwa 1920 lenye kichwa kikubwa zaidi, maana kule hakuna njia ya kukwepa kubanwa. Na kwa bango la A3 utahitaji kama pikseli 3508 kwa 4961 ukitaka nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo picha itakuzwa zaidi ya mara tatu. Programu za kukuza hubuni misuko pale zisipoiona vizuri. Kagua tena kwa kidole baada ya kukuza, kabla ya kulipia chapa.

Mteja anaonyesha simu: "Nataka hii"

Dalili ya mwisho inatokea saluni, wiki moja baada ya bango kubandikwa. Mteja anataka ile ya kwenye picha, na msusi anaona kwamba haisukiki: mipasuo imekaa ovyo, au rasta ni nyingi kuliko kichwa kinavyoweza kubeba. Hapa kuna kosa la kupanga kazi. Msusi aione picha kabla ya mwenye saluni kuilipia. Aulizwe maswali mawili: unaweza kuisuka hii, na ni shilingi ngapi. Akisita kwenye la kwanza, picha irudi.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaowapotosha walaji, na picha ya kazi ambayo saluni haijawahi kuifanya, ikiwekwa chini ya maneno "kazi zetu", inaingia humo bila kusukumwa. Bango la Sinza liliandikwa kwa herufi ndogo chini: "Picha ya mfano. Kazi zetu halisi ziko kwenye albamu, uliza mapokezi." Dada mwenyewe alihofia kwamba maneno hayo yatafukuza watu. Msusi wake akamwambia ayaache, maana albamu ndiyo inayomletea yeye wateja.